Kipato cha Kaskazi, Kipato cha Kusi: Uchambuzi wa Ombi Moja la Mkopo wa Chuo Kikuu Kisiwani Lamu

Mwezi wa Agosti 2024 binti mmoja wa mtaa wa Langoni alikuja barazani kwangu pamoja na mamake, akiwa na simu mkononi na uso uliokunjamana. Alikuwa amefanya mtihani wa KCSE mwaka uliotangulia, akapata nafasi ya kusomea shahada ya ualimu katika chuo kikuu cha bara, na ombi lake la ufadhili na mkopo lilikuwa limejibiwa. Jibu lilimweka katika Bendi ya 3. Babake ni baharia katika chombo cha uvuvi ambacho si chake, mamake anauza mahamri asubuhi, na nyumbani kuna watoto sita na bibi mmoja mkongwe. Niliwauliza jambo moja tu kabla ya jingine lolote: kwenye sehemu ya mapato ya kaya mliandika nini? Wakatazamana. Hakuna kati yao aliyejua, kwa sababu fomu yote ilijazwa na kijana wa saiba ambaye aliwauliza maswali matatu au manne huku foleni ikingoja nyuma yao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya upili hadi nilipostaafu, na tangu hapo nimeketi na vijana wengi wa kisiwa hiki tukijaza fomu hii. Nimeona makosa ya kila namna, kuanzia majina yasiyolingana kati ya cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani hadi nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shangazi. Hayo husumbua, lakini hurekebishika, kwa kuwa mtandao wenyewe hukataa kuendelea mpaka yatengenezwe. Makosa mawili ambayo mtandao hauyakatai, na kwa hiyo huingia kimyakimya na kumgharimu mwanafunzi miaka minne, yako katika sehemu ya mapato na katika sehemu ya wadhamini. Kisa cha binti huyu kilikuwa na yote mawili, ndiyo maana nimekichagua.

Kwanza tuelewane juu ya kile kilichokuwa kikiamuliwa. Tangu mwaka 2023 mwanafunzi wa Kenya anayeingia chuo kikuu kupitia mfumo wa serikali huomba ufadhili na mkopo kwa pamoja, katika tovuti ya hef.co.ke. Ufadhili hutoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu na haurudishwi, ilhali mkopo hutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi wetu tunaiita HELB, na huo ni deni. Kwa mujibu wa mgao uliotumika mwaka 2024, familia ziligawanywa katika bendi tano. Bendi ya 1 ni ya kaya yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, Bendi ya 2 ikafika 23,670, Bendi ya 3 ikafika 70,000, Bendi ya 4 ikafika 120,000, na Bendi ya 5 ni ya walio juu ya hapo. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo mwaka uliofuata, na viwango vya karo navyo vimeguswa tangu wakati huo. Kwa hiyo anayeomba leo asome viwango vya mwaka wake. Hesabu ninayoieleza hapa, hata hivyo, inahusu namna ya kutangaza mapato, na hiyo haibadiliki kwa kubadilika kwa viwango.

Tofauti kati ya Bendi ya 3 na Bendi ya 2 si ndogo kwa nyumba kama ile. Katika Bendi ya 3 ufadhili ulikuwa asilimia 50 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 30, na familia ikatakiwa kulipa asilimia 20 iliyobaki. Katika Bendi ya 2 ufadhili ulikuwa asilimia 60, mkopo asilimia 30 ileile, na familia ikalipa asilimia 10. Tukichukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe nyepesi, Bendi ya 3 humtaka mzazi atoe 40,000 na Bendi ya 2 humtaka atoe 20,000. Pesa za kujikimu nazo zilikuwa 50,000 kwa mwaka katika Bendi ya 3 na 55,000 katika Bendi ya 2. Mama alipoisikia hiyo 40,000 alisema polepole, "Mwalimu, sisi hatujawahi kuzishika elfu arubaini zikiwa zimekaa pamoja kwa lengo moja." Nilimwamini.

Sasa turudi kwenye fomu, kwa kuwa tuliamua kukata rufaa ili bendi ile iangaliwe upya. Tulipoifungua tukakuta mapato ya baba yameandikwa 40,000 kwa mwezi na ya mama 28,800, jumla 68,800. Hakuna aliyesema uongo. Kijana wa saiba alimuuliza baba kwa simu, "Mzee, kwa mwezi unapata ngapi?" na baba akamjibu kwamba Januari alipata arubaini. Akamuuliza mama anauza kiasi gani kwa siku, mama akasema 1,200, naye akazidisha kwa siku 24. Majibu yote mawili yalikuwa kweli kwa maswali yaliyoulizwa, lakini maswali yenyewe hayakuwa yale ya fomu. Fomu inataka kujua kaya inaishi kwa kiasi gani mwaka mzima. Baba alitaja mwezi wake bora, na mama akataja mauzo badala ya faida.

Kwa mtu wa ofisini mwenye hati ya mshahara, mapato ya mwezi ni namba moja iliyochapishwa. Kwa baharia wa Lamu hakuna namba hiyo, na mtu akimlazimisha aitaje papo kwa papo atataja ile anayoikumbuka kwa furaha. Bahari yetu ina misimu. Kaskazi ikivuma, bahari hutulia, vyombo hutoka kila siku na samaki hupatikana. Kusi ikishika, hasa kati ya Mei na Agosti, kuna majuma mazima ambayo chombo hakivuki mlango wa bahari, na baharia hushona nyavu za wengine au hubeba mizigo gatini ili apate cha jioni. Katikati kuna maleleji, siku za upepo kubadilika, ambazo si mbaya wala si nzuri. Anayetangaza mwezi wa kaskazi peke yake ametangaza mapato ya mtu mwingine.

Nilimwomba baba mwenyewe aje, na alipokuja baada ya sala ya laasiri tulianza na safari moja ya kawaida ya kaskazi. Nilitaka nijue pesa inapitia wapi kabla haijafika mfukoni mwake. Akaeleza kwamba safari ile samaki waliuzwa kwa shilingi 18,000. Kabla ya mtu yeyote kugusa chochote, yalitolewa mafuta ya mashine 4,000, barafu 1,200 na chakula cha mabaharia 800, ikabaki 12,000. Nusu ya hiyo, yaani 6,000, ilikuwa ya tajiri mwenye chombo na nyavu. Iliyobaki iligawanywa mafungu sita, mawili ya nahodha na moja moja kwa kila baharia katika wale wanne. Baba akarudi nyumbani na 1,000. Nimeieleza hesabu hii kwa urefu kwa sababu nimeona fomu ambazo zile 18,000 ndizo zilizoandikwa kuwa mapato ya siku ya baharia, na aliyejaza hakujua kwamba alikuwa akiandika mapato ya watu watano, tajiri mmoja na muuza mafuta.

Baada ya hapo tulipanga mwaka kwa misimu. Baba hakuwa na daftari, lakini hakuwa bila ushahidi. Mnunuzi wa samaki huandika manunuzi yake, na fungu la baba mara nyingi hutumwa kwa M-Pesa, kwa hiyo tuliomba taarifa ya M-Pesa ya miezi 12. Kwa miezi ya kusi tulitumia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukitumia kabla ya hapo, nacho ni daftari la madeni la duka lililo karibu na nyumba yao, kwa idhini ya mwenye duka. Ukurasa wa Juni ulijaa unga, mchele na mafuta ya taa yaliyokopwa, na malipo yake yakaonekana Novemba bahari ilipofunguka. Niliiona kaya ile kwenye ukurasa ule zaidi ya nilivyoiona kwenye fomu yote.

Tulipata wastani wa 26,000 kwa kila mwezi katika miezi minne ya kaskazi, 12,000 katika miezi minne ya kati, na 3,500 katika miezi minne ya kusi kali. Hiyo ni 104,000, kisha 48,000, kisha 14,000, jumla 166,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 12 unapata 13,833 kwa mwezi. Namba hii haifanani na mwezi wowote ambao baba amewahi kuishi, lakini ndiyo namba ya kweli inayoulizwa. Hapa nisisitize jambo ambalo huponza wengi: soma swali linataka kiasi cha mwezi au cha mwaka. Nimewahi kuona mtu aliyeandika jumla ya mwaka mahali palipotakiwa ya mwezi, na mvuvi akageuka tajiri kwa kosa la kutosoma neno moja.

Kwa mama tuliketi jikoni kwake, kwa kuwa hesabu ya mahamri haifanyiki barazani. Hukanda unga wa mahamri 120 na huuza kila moja kwa shilingi 10, ndiyo ile 1,200. Unga humchukua 430, sukari 150, mafuta ya kukaangia 240, nazi 120, hamira na hiliki 30, na makaa 60. Gharama hufika 1,030, ikabaki faida ya 170. Kwa siku 24 faida ni 4,080 kwa mwezi, si 28,800. Mama mwenyewe alinyamaza tulipofika kwenye 170, kwa maana alikuwa hajawahi kuiona ikiwa imeandikwa. Zaidi ya hayo, taarifa yake ya M-Pesa ilionyesha maelfu yakiingia na kutoka kila mwisho wa juma, kwa sababu yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Pesa za chama si mapato ya kaya, lakini asiyejua atazihesabu. Tulimwomba mwenyekiti wa chama aandike barua fupi ya kueleza hivyo.

Bado palibaki chanzo cha tatu, na hapa ndipo nilipolazimika kuwa mkali kidogo. Kaka mkubwa wa binti anafanya kazi Mombasa na hutuma kitu nyumbani anapoweza. Mama alipendekeza tuache kumtaja, kwa kuwa "hatumi kila mwezi, na ana mke sasa." Nilikataa. Tulihesabu alichotuma katika mwaka tukapata 15,000, ambayo ni 1,250 kwa mwezi, tukaiandika. Jumla ya kaya ikawa 13,833, na 4,080, na 1,250, yaani 19,163. Msaada wa kaka haukuwatoa katika kiwango cha Bendi ya 2, lakini hata kama ungewatoa ningeuandika. Kutoa maelezo ya uongo ili upewe mkopo huu ni kosa la jinai, na mwanafunzi ndiye anayetia saini tamko la mwisho. Sijaona haki katika kumtwika binti wa miaka kumi na tisa uongo wa watu wazima, hata ukiwa uongo wa huruma.

Mapato, ieleweke, si kipimo pekee. Tathmini hutazama pia hali ya wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, kutengwa kwa eneo, aina ya kozi na mengineyo, na hutazama shule alizosoma mwanafunzi na nani aliyelipa karo. Katika fomu ya kwanza nafasi ya karo ya sekondari ilijazwa kiasi chote kana kwamba kililipwa na wazazi, ilhali sehemu kubwa ilitoka kwa basari ya NG-CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneobunge, na ya kaunti. Binti alikuwa na barua zote mbili ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na hakuna aliyemwuliza. Karo iliyolipwa na basari ikiandikwa kuwa ya mzazi, inageuka ushahidi kwamba mzazi ana uwezo.

Halafu kuna nyumba. Familia hii inaishi katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja, yenye kuta nene na daka mbili zilizobomoka nusu. Katika fomu iliandikwa kwamba wanamiliki nyumba ya kudumu ya mawe. Mtu asiyeijua Lamu, akisoma maneno hayo, na akikumbuka kwamba Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, huenda akawaza juu ya nyumba zinazokodishwa kwa wageni. Nyumba hii ni urithi wa bibi mzaa baba, haijagawanywa, ina warithi saba, na baba hawezi kuiuza wala kuikodisha bila wote kukubaliana. Haingizi senti, na kila masika hudai chokaa na boriti. Tulieleza hivyo wazi: makazi ni nyumba ya urithi isiyogawanywa, familia hailipi kodi, na haipokei kodi. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo peke yake ingekuwa kweli nusu.

Nikaribie sasa sehemu ya wadhamini, ambayo kwangu ndiyo iliyouma zaidi. Ombi hutaka wadhamini wawili, pamoja na nambari zao za kitambulisho na za simu, na mzazi anaruhusiwa kuwa mmoja wao. Katika fomu ya kwanza mdhamini mmoja alikuwa mama. Wa pili alikuwa jirani mmoja, mzee wa heshima, ambaye nambari yake ya kitambulisho kijana wa saiba aliipata kutoka ombi la mtu mwingine alilowahi kujaza. Mzee hakuulizwa wala hakuarifiwa. Nilipomweleza binti maana yake, alilia, kwa kuwa mzee yule ndiye aliyemfundisha juzuu ya kwanza.

Watu wengi hapa huelewa mdhamini kuwa ni mtu wa kushuhudia kwamba kijana ana tabia njema, kama barua ya imamu au ya mwalimu mkuu. Sivyo. Mdhamini anakubali kwamba mwenye deni asipolipa, yeye anaweza kudaiwa. Kwa hiyo lazima aambiwe ukubwa wa deni, na deni hilo huhesabika. Katika mfano wetu wa kozi ya 200,000, mkopo wa karo ni asilimia 30, yaani 60,000 kwa mwaka, na katika Bendi ya 2 pesa za kujikimu ni 55,000, ambazo nazo ni mkopo ingawa wanafunzi wengi huzichukua kuwa posho. Jumla ni 115,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 460,000 kabla ya riba. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaa kimya bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi na hupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ile CRB. Mdhamini asiyejua haya hajadhamini chochote, ametumiwa.

Tulikwenda kwa mzee yule, binti na babake na mimi. Baba alimwomba radhi kwanza, kisha akamweleza jina lake lilivyotumika. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, jina ni amana. Ungekuja tu ukaniuliza, labda ningesema ndiyo." Halafu akasema kwamba umri wake haumruhusu kubeba deni la miaka mingi mbele, na kwamba tumwondoe. Tulimshukuru, na baba akabadilisha jina lile katika rufaa.

Aliyefaa alikuwa mjomba, kaka wa mama, ambaye ameajiriwa na ana mshahara. Mama alikuwa akimwonea haya kwa sababu alishawasaidia mara nyingi. Nilipendekeza wasimpigie simu kuomba nambari ya kitambulisho, kama wengi wafanyavyo, bali wamfuate na karatasi yenye ile hesabu ya 460,000. Mjomba aliisoma, akauliza mambo mawili. La kwanza, je, akidhamini mwaka huu amefungwa kwa miaka yote minne? Nilimjibu kwamba mkopo huombwa upya kila mwaka wa masomo na deni hukua kila mwaka, kwa hiyo achukue kwamba anadhamini safari nzima na asome mkataba kabla ya kutia saini. La pili lilikuwa juu ya riba, na si yeye tu aliyeliuliza, kwa kuwa baba naye alikuwa nalo moyoni tangu mwanzo.

Suala la riba hapa Lamu si dogo, na nimeona familia zilizoacha mkopo kabisa kwa ajili yake, na nyingine zilizoujaza usiku bila baba kujua. Sina mamlaka ya kutoa fatwa wala sikujaribu. Nilichofanya ni kuweka wazi kwamba asilimia 4 imo katika mkataba, haijafichwa wala haiitwi kwa jina jingine, na kwamba ufadhili usiorudishwa ni sehemu tofauti isiyo na riba yoyote. Baba na mjomba walikwenda kwa shekhe wanayemwamini, wakakaa naye, wakarudi baada ya siku mbili na uamuzi wao. Nilichofurahia ni kwamba uamuzi ulifanywa kabla ya saini na ukafanywa na wenye kuubeba. Tahadhari niliyoitoa ni moja: usiruke sehemu ya mkopo katika tovuti kwa kudhani kwamba ufadhili utajaza pengo lake. Asilimia ya mkopo usiouomba inabaki kuwa deni la familia kwa chuo, na kwa kozi yetu hiyo ni 60,000 kila mwaka.

Mjomba alikubali. Tulihakikisha kwamba jina lake limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa sababu yeye huitwa Mohamed mtaani na kitambulisho kinasema Muhammad, na kwamba nambari ya simu ni ile anayoipokea mwenyewe.

Rufaa yenyewe haikuchukua muda mrefu kuijaza, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kufanywa jikoni na barazani. Tuliambatisha barua ya chifu iliyoeleza idadi ya wanaokaa katika nyumba ile na hali ya urithi, barua ya BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, iliyothibitisha kwamba baba ni baharia na si mwenye chombo, barua ya chama cha akina mama, barua mbili za basari, na ukurasa mmoja wa hesabu ya mwaka kwa misimu, wenye jumla yake na saini ya baba. Chifu mwanzoni aliandika tu kwamba familia ni maskini na inastahili kusaidiwa. Nilimrudia kwa heshima na kumwomba aongeze ukweli unaoweza kuthibitishwa, kwa sababu neno maskini limo katika kila barua inayofika mezani kwao, lakini warithi saba na watoto wanne walio shuleni ni jambo ambalo msomaji anaweza kulipima. Aliiandika upya siku ileile.

Katika maelezo ya rufaa tulikiri kosa. Tuliandika kwamba namba za kwanza zilikuwa mapato ya mwezi bora na mauzo ghafi, kisha tukaonyesha hesabu sahihi. Wapo walionishauri tuseme kwamba hali ya familia imebadilika tangu ombi la kwanza, kwa kuwa hilo halina aibu. Haikuwa kweli, na lisingeweza kusimama mbele ya taarifa ya M-Pesa tuliyoitumia sisi wenyewe.

Binti alihamishiwa Bendi ya 2 baada ya majuma kadhaa, wakati ambapo alikuwa tayari amesafiri kwenda chuoni na akiba ndogo ya nyumbani ilikuwa imetumika kwa nauli na godoro. Kungoja kule kulikuwa kugumu, na ni gharama ya kosa la kwanza ambayo rufaa haiirudishi. Karo ya mkopo hutumwa moja kwa moja chuoni, na pesa za kujikimu kwenye akaunti ya mwanafunzi, kwa hiyo wazazi hawakuona pesa yoyote ikipita. Walichokiona ni kwamba sehemu yao ilishuka kutoka 40,000 hadi 20,000, nayo waliilipa kwa mafungu mawili, moja Desemba na jingine Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma.

Ombi la mwaka wa pili lilipofika, baba alikuja barazani na daftari la shule la kurasa 48. Kila aliporudi kutoka baharini alikuwa ameandika tarehe, fungu lake, na herufi moja pembeni: K kwa kaskazi, M kwa maleleji. Kurasa za kusi zilikuwa na tarehe tu, na mistari mitupu.